"Ngoja" ya Kitanda cha Tisa

Saa moja na nusu kila asubuhi napiga hodi kwa Bi Dakika, na kila asubuhi ananijibu vilevile: "Umechelewa." Sijachelewa. Ni mdomo wake tu, haujatoka wodini. Ana miaka sabini na miwili sasa, moyo wake umeanza utundu, na daktari amemwandikia dawa ileile ambayo yeye na mimi tuliigawa kwa mikono yetu miaka na miaka. Kidonge hukaa kwenye kisosi mezani. Hakigusi mpaka nimemshika mkono nikahesabu dakika nzima. Mwanawe alimletea kimashine cha kubana kidoleni, kinaonyesha namba kabla hujapepesa macho. Amekitia kabatini pamoja na sahani za wageni.

"Kinajua kuhesabu," husema, "lakini hakijui kusikiliza."

Mimi siendi pale kwa wema. Watu wa mtaani wanasema, "Tazama yule, anavyomtunza mzee wake wa kazi," nami naongeza mwendo. Naenda kwa sababu kuna mtu alikufa kwa neno moja, na mimi ndiye niliyeliacha lile neno likae mahali pake siku tatu. Nitaeleza. Sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Nilipoanza kazi wodi ya upasuaji ya wanaume, yeye ndiye alikuwa sista mkuu wa zamu ya asubuhi. Jina la Bi Dakika alipewa na wagonjwa. Sisi wengine tulihesabu mapigo robo dakika tukazidisha kwa nne, tukasonga mbele. Yeye, kwa mgonjwa yeyote wa dawa ya kushusha mwendo wa moyo, alivuta kiti, akaweka stetoskopu kifuani upande wa kushoto, chini kidogo ya chuchu, akatazama mshale wa saa yake ukizunguka mpaka ulipoanzia. Wodi nzima inamsubiri. Chai ya wagonjwa inapoa. Mimi miguu inanikereketa.

"Sekunde kumi na tano zinatosha, Bi Dakika," nilimwambia siku moja.

"Zinakutosha wewe. Moyo ukiruka pigo kwenye sekunde ya arobaini utaujulia wapi? Kwenye ubao wa matangazo?"

Aliniita Mbio. Hakulisema kwa sifa.

Hakuishia kwenye mapigo. Alipima presha, mgonjwa akiwa amelala, kisha amekaa. Aliuliza kizunguzungu. Alibonyeza vifundo vya miguu kuona kama kidole kinaacha shimo, maana moyo dhaifu ukipunguzwa nguvu zaidi unaweza kuacha maji yajae mwilini. Alisikiliza mapafu. Kuna kijana mmoja kitanda cha nne aliandikiwa dawa ya jamii hiyohiyo kwa sababu mikono ilimtetemeka, Bi Dakika akasikia filimbi kifuani. Akauliza, "Una pumu?" Kijana akasema ya utotoni tu. Akakirudisha kidonge chupani na kumpigia daktari simu palepale. "Hii inaweza kumfunga njia za hewa, daktari. Nibadilishie." Daktari akabadilisha. Kijana yule mpaka leo hajui alikuwa amekaa ukingo wa kisima.

Haya, sasa huyo wa kitanda cha tisa.

Alikuwa fundi cherehani, mzee wa miaka sitini na mitatu, mjane, mwenye binti mmoja aliyekuja kila siku saa ya kutazama wagonjwa. Alilazwa kwa kidonda cha mguu, maana alikuwa na sukari. Lakini alikuwa pia na moyo wa kubana: akipanda ngazi au akigombana na mteja, kifua kinambana kama mshipi. Kwa hiyo alikuwa na miaka sita anameza atenolo, mojawapo ya dawa hizo za kushusha mwendo wa moyo, kila asubuhi, miligramu mia moja. Mguu ndio ulioshughulikiwa na madaktari wetu wa upasuaji. Moyo ulikuja naye tu, kama mzigo wa mkononi.

Fundi alikuwa na maneno. Alimuuliza Bi Dakika, "Hiki kidonge chenu kinafanya nini hasa? Nakimeza tu kama kuku."

Bi Dakika akakaa kitandani kwake. "Wewe unajua matundu ya vifungo?"

"Nimekata matundu ya vifungo kabla hujazaliwa."

"Hebu acha uongo, umenipita miaka kumi tu. Sikiliza. Mwili una kitu kinaitwa adrenalini. Ukishtuka, ukikasirika, ukikimbia, kinamwagika kwenye damu. Hicho ndicho kifungo. Moyo wako una matundu yake. Kifungo kikiingia tunduni, moyo unapiga mbio na kupiga kwa nguvu, unataka hewa nyingi. Sasa mishipa yako ya moyo imebana, hewa nyingi itapitia wapi? Ndiyo unaumwa kifua. Hiki kidonge kinatangulia kukaa kwenye tundu. Kifungo kinafika, kinakuta pana mtu. Moyo unakwenda taratibu, presha inashuka, na kile kidogo unachopata kinakutosha."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka sita nimeshonwa matundu!"

"Hujashonwa, umezibwa. Na hapo ndipo penye hatari. Mwili si mjinga. Ukiona matundu yamezibwa, unakata mengine. Miaka sita yote umekuwa ukikata. Ukiamka siku moja ukaacha kidonge ghafla, vifungo vyote vinakuta matundu tele, mapya na ya zamani, yako wazi. Kwa hiyo dawa hii haikatwi. Inapunguzwa, polepole, na daktari. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika trei. Nilisikia kila neno, naapa.

Kulikuwa na jambo jingine alilonionyesha kwa Fundi. Asubuhi moja tulimkuta kimya, paji la uso linatiririka jasho, shuka limelowa. Nikashika mkono wake: sitini na mbili, tulivu. Nikasema, "Joto tu." Bi Dakika alikuwa ameshamtoboa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka mbili nukta tisa. Tukampa maji ya sukari haraka, tukampima tena mpaka ikapanda.

"Mtu mwingine angetetemeka, moyo ungemwenda mbio, ungejua," aliniambia koridoni. "Dawa hii inaficha hayo. Inabakiza jasho. Mgonjwa wa sukari anayemeza hii, jasho lake ndilo kelele yake. Usilifute, Mbio. Lisikilize."

Fundi alipopata nafuu siku ile alimwomba binti yake sindano na uzi. Akaniambia nivue aproni, akanishonea kifuko kidogo kifuani upande wa kushoto. "Cha saa," akasema. "Naona mwenzako ana saa ya kutundika, wewe unatazama simu. Nunua saa, mwanangu, uitie humu." Mshono mdogomdogo, safi, hata mashine haishoni hivyo. Saa sikununua. Kwenye kifuko nikatia peremende.

Jumatatu ndipo ubaya ulipoingia, na uliingia kwa adabu.

Bi Dakika alikaa, akahesabu. Arobaini na sita. Akahesabu tena dakika nyingine nzima. Arobaini na sita. Presha ya juu tisini na nne. Fundi akasema akikaa dunia inamzunguka. Kidonge kikabaki kwenye kikombe. Bi Dakika alimpigia daktari wa zamu, wa magonjwa ya ndani, si wa wodi yetu. Alikuja, akapima umeme wa moyo, akasema moyo unakwenda polepole tu, umeme wake haujakatika njiani. Akaandika kwenye faili lake: leo asipewe, kesho apimwe, mapigo yakifika hamsini na tano na presha ya juu ikifika mia, aanze tena kwa nusu, miligramu hamsini. Kisha akaitwa chumba cha dharura, akaondoka na kalamu yake mdomoni.

Sasa elewa hili, maana kila kitu kimekaa hapa. Faili la daktari lilikaa kwenye rafu ofisini. Karatasi ya dawa ilikaa miguuni pa kitanda. Sisi tunaotembea na trei tunasoma karatasi. Ile amri ya nusu dozi ilikuwa kwenye faili. Kwenye karatasi, kwenye kisanduku cha Jumatatu, Bi Dakika aliandika neno moja, akatia sahihi yake: *Ngoja.*

Saa nane mchana zamu iliisha. Yeye alikuwa na mapumziko ya siku tatu. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi kuanzia kesho yake. Tulikuwa kwenye sinki, ananawa mikono, mimi najibu ujumbe wa simu kwa kidole gumba huku nimeshaning'iniza mkoba begani.

"Mbio. Kitanda cha tisa. Kesho ni wewe. Pima. Akifika hamsini na tano, na presha mia, mpe nusu. Imo kwenye faili. Usimwache mikono mitupu."

"Sawa, Bi Dakika."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, jamani! Nenda kapumzike."

Nilikuwa nacheka na simu. Mlangoni nilikuwa nimeshasahau.

Jumanne nikafika kitanda cha tisa. Robo dakika, mara nne: sitini na nne. Nikatazama karatasi. *Ngoja.* Nikaona mkono wa Bi Dakika, na mkono wa Bi Dakika nani abishane nao? Nikaandika *Ngoja*, nikatia sahihi.

Jumatano: themanini na nne. *Ngoja.*

Fundi alikuwa amechangamka. Kizunguzungu kimekwisha. Anawatania wenzake, anamsifia binti yake kwa daktari wa upasuaji, anatembea na gongo mpaka dirishani. Daktari wa upasuaji akafungua kidonda, akafurahi. Na mimi nikafurahi. Nikaona mapigo yanapanda, nikajiambia mzee amerudisha nguvu. Nguvu! Mungu anisamehe. Matundu yalikuwa yanafunguka moja baada ya jingine, na mimi nimesimama pale natafuna peremende.

Alhamisi: tisini na nane. Presha mia na hamsini na sita. Akasema, "Sista Mbio, mbona tangu Jumatatu sipati kile kidonge changu cha kuziba?"

"Umesimamishiwa, mzee. Moyo wako umekuwa mzuri."

"Yule mama aliniambia hakikatwi."

Nilipaswa kusimama. Mgonjwa mwenyewe ananifundisha kazi yangu, na miguu yangu bado inakereketa. "Si nimekwambia umesimamishiwa? Au unataka kuniandikia wewe?"

Akainua mikono miwili. "Haya mwanangu, haya. Wewe ndiye sista." Nikaandika *Ngoja*.

Ijumaa Bi Dakika alirudi. Saa moja na nusu, kabla hajafunga aproni, alianza kupita kitanda kwa kitanda. Nilimwona akisimama miguuni pa kitanda cha tisa na karatasi mkononi. Kidole chake kikapita kisanduku kwa kisanduku. Ngoja. Ngoja. Ngoja. Ngoja. Cha kwanza chake, vitatu vyangu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mbio," akasema. "Mnangoja nini?"

Nikakumbuka sinki, maji, mkoba, simu, kila kitu kwa mara moja, kama taa imewashwa.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, ameinama mbele kidogo, mkono kifuani. "Kiungulia tu," akasema. "Tangu alfajiri. Msisumbuke." Alikuwa ametota jasho mpaka kola. Bi Dakika akatupa karatasi, akamwekea stetoskopu. Safari hii hakuhitaji dakika nzima kujua. Mia na ishirini na sita. Presha mia na themanini na mbili. Sukari akaipima palepale, ilikuwa sawa. Kwa hiyo jasho halikuwa la sukari.

"Mwite daktari. Kimbia. Leo ndiyo ukimbie."

Nikakimbia. Nikarudi na mashine ya umeme wa moyo, naivuta inagonga milango. Karatasi ikatoka, na hata mimi nikaona mstari umenyanyuka pale usipotakiwa kunyanyuka. Moyo ulikuwa unakufa kipande. Walimpa aspirini atafune, kidonge cha chini ya ulimi, hewa, sindano. Daktari wa magonjwa ya ndani akafungua faili, akasoma amri yake mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja. Akarudi kwa mgonjwa. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Fundi alinishika aproni, palepale kwenye kifuko. "Mwanangu," akasema, "vifungo vimekuja vyote."

Sijui kama alikuwa anatania. Mpaka leo sijui.

Alifariki saa sita kasoro dakika kumi. Binti yake alikuja saa saba, saa ya kutazama wagonjwa, na chupa ya uji. Ni Bi Dakika aliyempokea mlangoni, akamkalisha, akamwambia. Mimi nilikuwa chooni nimejifungia, nalia kama mtoto, na hata kile kilio nilikuwa nakipunguza sauti nisijulikane.

Jumatatu iliyofuata tuliitwa kwa metroni. Meza ndefu, metroni, daktari, mtu wa ofisi. Mimi na Bi Dakika tulikaa upande mmoja. Metroni akaweka karatasi mezani, akasema amri haikuhamishwa kutoka kwenye faili. Akauliza nani alipokea amri.

"Mimi," akasema Bi Dakika. "Nilipaswa kuiandika yote kwenye karatasi: saa, dozi, kipimo. Niliandika neno moja. 'Ngoja' si amri, ni uvivu. Kosa hilo ni langu."

Metroni akanigeukia. "Na wewe? Siku tatu uliona mapigo yanapanda, hukuuliza. Uliambiwa kwa mdomo kwamba dawa ianze tena?"

Bi Dakika alikuwa ameushika mkono wangu chini ya meza. Vidole vyake vilikuwa juu ya kifundo, vya joto, vimetulia. Nikafikiri ananitia moyo. Nikafikiri, huyu mama ananipenda, hataniacha nizame.

"Sikuambiwa," nikasema.

Neno moja tu. Kama lake, lakini la kwangu halikuwa uvivu.

Nilingoja aniumbue. Alitazama mbele, vidole vyake havikutikisika. Mimi nilipewa onyo la barua. Yeye aliondolewa wodini, akapelekwa chumba cha mafaili, akapanga makabrasha miaka miwili mpaka akastaafu. Hakuweka tena stetoskopu kwenye kifua cha mtu. Mimi nikanunua saa. Nikaitia kwenye kifuko. Nikahesabu dakika nzima kwa kila mtu, miaka yote, nikasifiwa, nikapandishwa cheo, mpaka wanafunzi wakaanza kuniita mimi Bi Dakika, nami nikiitikia natamani ardhi ipasuke.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka kumi na tisa.

Leo asubuhi nilifika, akaniambia nimechelewa, nikavuta kiti. Kidonge kiko kwenye kisosi. Nikamtazama yule bibi, shati lake limekosa kifungo kimoja, na nikashindwa. Ilitoka tu.

"Bi Dakika. Uliniambia. Pale kwenye sinki uliniambia kila kitu, na mimi nilisema uongo mbele ya watu."

"Hesabu kwanza," akasema. "Mtu haongei anapohesabu."

Nikahesabu. Machozi yananidondokea kwenye saa, mshale siuoni vizuri, nikaanza upya. Dakika nzima. Nikapima presha, nikabonyeza vifundo vya miguu, nikamsikiliza mgongoni. Mapafu safi.

"Sitini na mbili. Presha mia na ishirini na sita."

"Umehesabu au umenakili?"

"Nimehesabu."

Akachukua kidonge, akakimeza na maji. Akaweka glasi chini. "Siku ile kwa metroni nilikushika mkono."

"Ulinitia moyo."

"Nani kakwambia? Nilikuwa nahesabu. Ulikuwa na mia na thelathini na mbili, na ulikuwa umekaa kwenye kiti."

Nikafuta machozi kwenye saa. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Haya, iandike hiyo sitini na mbili kabla hujaisahau."